Maboksi manne yasiyo na majina: kisa cha kutangaza muundo mpya kwenye kampuni ya pembejeo, Nyanda za Juu Kusini

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la kampuni nimeliacha, miji nimeipangua ili kituo kisimtaje mtu, na maneno ya watu nimeyaweka karibu na walivyoyasema. Mimi niliitwa kama mshauri wa masuala ya utumishi, na niliitwa nikiwa nimechelewa, kama ambavyo washauri huitwa karibu siku zote.

Mazingira

Kampuni inauza pembejeo: mbolea, mbegu za mahindi na viazi, dawa za kunyunyizia parachichi. Makao makuu yako Mbeya, na ina vituo vinne: Tukuyu, Vwawa, Makambako na Iringa. Wafanyakazi wote ni 71. Kila kituo kilikuwa na mkuu wake, mtunza stoo, keshia, makarani wa mauzo na vijana wa kupakia na kushusha.

Kazi yenyewe ilikuwa imeshabadilika kabla ya mtu yeyote kuchora muundo mpya. Tangu msimu wa 2022/23, mbolea ya ruzuku ilipoanza kutolewa kwa wakulima waliosajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki, karani wa kituo alijikuta anashinda kwenye simu na kompyuta kuliko kwenye daftari. Wateja nao wakazidi kulipa kwa simu. Mahesabu ya stoo yakawa yanaonekana Mbeya kila asubuhi, wakati zamani yalifika mwisho wa mwezi ndani ya bahasha. Uongozi ukaona kwamba mtunza stoo na karani wanafanya kazi zinazopishana, na kwamba keshia wa kituo kuna siku anashinda bila kushika noti.

Mwezi wa nne wakurugenzi wakakaa na kuchora muundo mpya. Watu 49 hawakuguswa kabisa. Watu 18 walibadilishiwa majukumu au msimamizi, na 3 kati yao walitakiwa wahame kituo. Nafasi 4, za keshia wa vituo vya nje, hazikuwepo tena kwenye mchoro. Hoja ya kuchagua kipindi hicho ilikuwa nzuri: mvua za huku huanza mwezi wa kumi na moja, na kuanzia wa kumi hadi wa kwanza hakuna mtu mwenye muda wa mkutano. Mwezi wa tano na wa sita stoo zimepoa.

Kosa lilikuwa hili: baada ya kikao wakakubaliana kukaa kimya "mpaka kila kitu kikamilike". Wakakaa kimya wiki tano.

Picha ya Alhamisi

Printa ya ofisini iliishiwa wino. Mhasibu akaweka mchoro kwenye flashi, akaenda kuuchapisha steshenari moja ya Mwanjelwa. Akatoka na nakala sita. Ya saba ilikuwa imetoka imekunjamana na ikabaki juu ya mashine. Kijana wa steshenari ana shemeji yake anayefanya kazi kwenye stoo ya Mbeya. Haikupita saa moja picha ikawa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Mchoro ule ulikuwa na maboksi yenye majina ya watu, na chini kabisa maboksi manne yenye mistari ya nukta, yasiyo na jina. Aliyeuchora alimaanisha nafasi ambazo hazijapangwa. Waliousoma hawakuwa na wa kumuuliza, kwa hiyo wakajijibu wenyewe. Hadi saa 12 jioni kulikuwa na taarifa tatu: Makambako inafungwa, keshia wote wameshaondolewa, na kiinua mgongo ni mshahara wa mwezi mmoja tu.

Watu husema uvumi ni maneno, kama vile maneno hayana gharama. Kesho yake asubuhi karani mmoja wa Iringa alikuwa na fomu ya mkopo wa SACCOS iliyobakiza saini ya mdhamini mmoja. Mwenzake aliyekuwa ameahidi kumdhamini akamwambia, "Ndugu yangu, ngoja kwanza tuone upepo." Jina la karani yule halikuwa hata kwenye nafasi zinazobadilika. Makambako nako mama mwenye duka jirani na kituo, ambaye kwa miaka aliwakopesha vijana wa kupakia unga na mafuta hadi mwisho wa mwezi, akafunga daftari. Niliambiwa haya mawili kwenye simu ya kwanza niliyopigiwa, na nikajua hatuna wiki ya kujipanga.

Kilichoamuliwa Ijumaa

Mkurugenzi alikuwa na rasimu ya ujumbe tayari. Ilisema: "Puuzeni picha inayosambazwa, ni uzushi." Alinisomea kwa sauti ya mtu aliyeshapumua.

Nilimwomba asiitume. Picha ile ilikuwa ya kweli. Siku tano baadaye angesimama mbele ya watu walewale kuwaeleza muundo unaofanana na "uzushi" huo kwa sehemu kubwa, na kuanzia hapo hakuna sentensi yake ambayo ingeaminiwa, hata ile ya kwamba mishahara haitaguswa. Akasema basi tuandike kwamba kuna "maboresho ya kiutendaji". Hilo nalo nililikataa. Kwa mfanyakazi wa Kitanzania aliyeishi miaka ya ubinafsishaji, au aliyelelewa na aliyeishi miaka hiyo, neno "maboresho" likitoka ofisini bila maelezo humaanisha jambo moja tu, na si zuri.

Tulitoa ujumbe huu saa 11 jioni, kwenye kundi, na wakuu wa vituo wakausoma kwa sauti kwa wasio na simu janja:

"Picha mnayoiona ni ya kweli. Ni rasimu ya muundo mpya iliyochorwa mwezi wa nne, na mlipaswa kuisikia kutoka kwetu. Hakuna kituo kinachofungwa. Baadhi ya kazi zitabadilika, na zipo nafasi chache ambazo tunafikiria kuziondoa. Hakuna aliyeachishwa kazi. Jumatano saa 4 asubuhi kila kituo kitakuwa na kikao. Ambaye nafasi yake inaguswa ataambiwa ana kwa ana kabla ya saa hiyo. Jumanne jioni mtaona magari ya makao makuu vituoni. Yanakuja kwa ajili ya Jumatano."

Sentensi ya mwisho ilionekana ya kitoto kwa baadhi ya wakurugenzi. Lakini gari la ofisi kuu likiingia Makambako usiku bila taarifa, kabla halijazima injini watu wameshahesabu nani kafukuzwa.

Mvutano mkubwa ulikuwa kwenye sentensi ambayo haipo. Mkurugenzi alitaka iandikwe "hakuna atakayepoteza kazi". Nilimuuliza, "Wale keshia wanne, unazo nafasi nne za kuwapa?" Alikuwa nazo mbili. Sentensi ikafutwa. Nafasi yake tukaandika "hakuna aliyeachishwa kazi", ambayo siku ile ilikuwa kweli tupu. Tofauti kubwa iko kwenye wakati wa kitenzi: ya kwanza ni ahadi, ya pili ni taarifa.

Kuandaa Jumatano

Mwisho wa wiki tulikaa na karatasi iliyogawanywa safu tatu: yaliyoamuliwa, yanayopendekezwa, na yasiyojulikana bado. Kazi hii ilichukua muda kuliko zote, kwa sababu uongozi ulikuwa umeweka kila kitu kwenye safu ya kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, hairuhusu hivyo. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji atoe taarifa ya kusudio mapema, atoe taarifa zote zinazohitajika kwa majadiliano, na ashauriane kabla kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, jinsi ya kuwachagua wanaoguswa, muda, na malipo. Anashauriana na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, na wasio na chama nao wana haki ya kushauriwa. Mkishindwa kukubaliana, suala linaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa usuluhishi. Kwa hiyo mwajiri anayesimama na kusema "tumeamua kuondoa nafasi nne" ameshavunja utaratibu kwa kitenzi chake mwenyewe.

Kwa wale 18, kifungu cha 15 kinasema maelezo ya kazi yaliyoandikwa yakibadilika, mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Barua zilizokuwa zimeandaliwa zilikuwa na kichwa "Taarifa ya Mabadiliko ya Majukumu" na nafasi ya kusaini chini. Tukazibadilisha kuwa "Pendekezo", tukaweka siku kumi za kujibu na jina la mtu wa kumjibu.

Hapa nilimbana mkurugenzi na swali moja: "Ni kitu gani wakikuambia utabadilisha mawazo?" Kama jibu ni hakuna, basi neno "pendekezo" ni uongo mwingine uliovikwa suti. Alikaa kimya kidogo, akasema kama wataonyesha kwamba fedha taslimu bado ni nyingi kuliko anavyoona kwenye ripoti, atafikiria upya. Tukaliandika hilo, na Jumatano akalisema mbele ya watu.

Jumamosi asubuhi tulimpigia mwenyekiti wa tawi la chama, na Jumatatu akapewa barua ya kusudio na mchoro wenyewe. Wakuu wa vituo waliitwa kwenye simu ya pamoja Jumanne saa 10 jioni. Mtu ukimpa siri ya wenzake siku tatu akae nayo, umempa mzigo ambao mkewe atauona usoni.

Jumatano yenyewe

Tulianza saa 1:30 asubuhi, vituo vyote kwa wakati mmoja, mkurugenzi au meneja mmoja kila kituo. Mimi nilikuwa Makambako na mkurugenzi. Baridi ya mwezi wa sita pale si ya mchezo. Dirisha la ofisi ya mkuu wa kituo lilikuwa na ukungu kwa ndani.

Keshia aliingia wa kwanza. Alikuwa amebeba daftari la fedha na funguo za sefu. Akasalimia, "Kamwene," akaviweka mezani kabla hajaketi, akavisogeza upande wetu. Alikuja amejiandaa kukabidhi.

Mkurugenzi alikuwa na karatasi ya maneno ya kuanzia, lakini hakuiangalia. Akazirudisha funguo upande wa yule mama. "Hizi bado ni zako, dada. Sikiliza jambo lenyewe kwanza. Tunapendekeza nafasi ya keshia wa kituo iondolewe, na nafasi yako ni mojawapo. Haijaamuliwa. Kuanzia leo tuna wiki sita za kuzungumza, na wewe utakuwa kwenye mazungumzo hayo pamoja na chama. Mshahara wako unaendelea kama kawaida."

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwisho wa mwezi huu nalipa ada?" Mkurugenzi akajibu, "Lipa." Mazungumzo yote yalikwisha kwa dakika kumi na mbili, na karibu nusu yake ilikuwa kimya. Nimeshaona mameneja wengi wakiogopa kimya hicho, wakakijaza kwa historia ya kampuni na hali ya soko, hadi mtu anatoka hajui ameambiwa nini. Neno lenyewe litangulie, sababu zifuate akiziuliza.

Saa 4 wote wakakusanyika kwenye stoo, wamekalia magunia. Mkurugenzi alisoma kurasa mbili zilezile zilizokuwa zikisomwa Tukuyu, Vwawa, Iringa na Mbeya. Alianza kwa kuomba radhi kwa wiki tano za kimya, akataja idadi: 49, 18, 4. Akazieleza safu tatu. Kisha akaeleza hesabu ya kiinua mgongo, jambo ambalo wenzake walitaka liachwe "ili tusiwatishe".

Ilikuwa sehemu iliyotuliza watu kuliko zote. Sheria inaweka kiwango cha chini cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa aliyetimiza angalau miezi 12, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Alichukua mfano wa mtu anayelipwa 468,000 kwa mwezi. Ukigawanya kwa 4.333 unapata karibu 108,000 kwa wiki. Kwa siku sita za kazi ni karibu 18,000 kwa siku. Aliyefanya miaka tisa kamili ana siku 63, sawa na takriban 1,134,000, mbali na notisi na likizo ambayo hakuitumia. Aliyefanya miaka kumi na minne anahesabiwa kumi. Hili la mwisho liliguniwa. Lakini wale waliokuwa wanasema ni mwezi mmoja, na wale waliokuwa wanasema ni mwezi kwa kila mwaka, walinyamaza kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja sasa angeweza kujipigia hesabu kwenye simu yake. Akasema pia kwamba anayepewa kazi mbadala na kuikataa bila sababu ya msingi anaweza kukosa malipo hayo, kwamba hiyo ni sheria, na kwamba sababu za mtu zitasikilizwa mmoja mmoja.

Maswali yalikuwa machache na makali. Mtunza stoo mmoja, mzee wa makamo, alisimama: "Mkurugenzi, shikamoo yako naipokea. Mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Barua yako inasema niende Iringa. Shamba langu na mji wangu viko hapa. Nani anahamisha parachichi?" Watu wakacheka. Mkurugenzi akacheka nao, halafu akasema, "Hilo silijui, mzee wangu. Nitakujibu Ijumaa ya wiki ijayo, na ukinijibu kwa maandishi kabla ya hapo nitakuwa na la kusimamia."

Kisha akaharibu. Mkutano ulikuwa unafungwa, watu wamelegea, naye akataka kuwaachia neno zuri. "Msiwe na wasiwasi," akasema, "sote tutabaki familia moja." Hadi jioni sentensi hiyo ilikuwa imefika Vwawa ikiwa na umbo jipya: mkurugenzi ameahidi Makambako kwamba hakuna atakayetoka. Alhamisi asubuhi tulilazimika kuandika masahihisho ya mistari mitatu. Dakika hamsini za kazi nzuri zikachafuliwa na maneno saba.

Wiki sita baadaye

Kila Ijumaa saa 10 jioni karatasi moja ilibandikwa kwenye mlango wa stoo wa kila kituo na kutumwa kwenye kundi: nini kimejadiliwa, maswali gani yameulizwa, yapi yamejibiwa, na yapi bado. Ijumaa ya tatu hapakuwa na jipya, na afisa aliyekuwa anaiandika akaona haina maana kubandika karatasi tupu. Jumamosi mchana nikapigiwa simu kutoka Iringa: kwa nini wamenyamaza, wamekwama wapi? Jumapili tukatuma karatasi iliyosema "wiki hii hakuna kilichobadilika". Ilitosha.

Keshia wa Iringa ndiye aliyebadilisha mchoro. Alikuja kwenye kikao cha pili na daftari lake la msimu uliopita, akaonyesha kwamba katika kila wateja kumi wa mwezi wa kumi na mbili, wanne walilipa kwa noti, wengi wao kwenye siku za mnada. Ripoti ya Mbeya haikuonyesha hivyo kwa sababu makarani walikuwa wanapokea fedha taslimu, wanaziweka kwenye simu ya kituo, na mfumo unazisoma kama malipo ya simu. Hakuna mkurugenzi aliyekuwa analijua hili. Nafasi za Iringa na Makambako zikabaki, zikaongezewa kazi ya huduma kwa wateja. Keshia wa Vwawa alikubali kazi ya kupanga magari Mbeya. Wa Tukuyu naye alipewa nafasi Mbeya, karibu kilomita 70, akaikataa kwa sababu anamuuguza mama yake. Kampuni iliona sababu yake ni ya msingi, ikamlipa stahiki zote pamoja na kiinua mgongo, na kumpa cheti cha utumishi. Suala halikufika CMA.

Kati ya wale 18, watu 16 walisaini ndani ya siku kumi. Mzee wa parachichi alibaki Makambako na majukumu mapya. Mmoja alipata kazi kwingine na kuondoka, na nadhani angeondoka hata bila haya.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni mpangilio wa saa. Kila aliyeguswa, isipokuwa mmoja nitakayemtaja, alisikia kabla ya wenzake kusikia, na muda kati ya mtu wa kwanza na mkutano wa wote ulikuwa saa mbili na nusu. Ungekuwa siku mbili, wale 22 wangekuwa wasemaji wa kampuni bila kuombwa, kila mmoja na toleo lake. Ungekuwa hakuna kabisa, keshia angesikia habari zake akiwa amekalia gunia mbele ya vijana anaowalipa posho.

Kukubali kwamba picha ni ya kweli kulitugharimu jioni moja ya simu nyingi. Sijaona njia nyingine ambayo ingekuwa na bei nafuu zaidi. Lakini niseme wazi kwamba ujumbe ule ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa na siku na saa ndani yake. Ukweli usio na tarehe, "tutawajulisha kwa wakati muafaka", ungeongeza moto.

Zile safu tatu zilisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia: zilimlinda mkurugenzi na ulimi wake. Kila alipoulizwa alitazama safu. Alipoziacha, kwenye lile neno la familia, ndipo alipoteleza. Tangu hapo kwenye kila kikao ninachoandaa, sentensi ya kufungia huandikwa na kusomwa kama zilivyo nyingine, hata kama mzungumzaji ni hodari.

Kuhusu wiki tano za mwanzo, wakurugenzi wana utetezi ambao una uzito kidogo: huwezi kutangaza mchoro ambao wewe mwenyewe hujaukubali. Ni kweli. Ila sheria inazungumzia kutoa taarifa pindi unapofikiria kupunguza, na wao walikuwa wamefikiria tangu mwezi wa nne. Walichokuwa wanakisubiri, nikiwatazama kwa karibu, ni ujasiri. Mchoro wenyewe haukubadilika hata mstari mmoja kati ya mwezi wa nne na wa sita. Ulibadilika pale tu keshia alipofungua daftari lake.

Na kuna kosa langu. Orodha ya watu 22 wa kuzungumza nao niliiandaa mimi, na niliiandaa kwa zamu ya kazi. Dereva aliyekuwa njiani kutoka Tunduma tulimkumbuka, tukampigia akiwa amesimama kunywa chai. Aliyekuwa likizo ya kawaida tulimpigia pia. Mhasibu msaidizi wa Iringa, mmoja wa wale 18, alikuwa na wiki ya saba ya likizo ya uzazi na jina lake halikuwa kwenye zamu yoyote. Alisikia kwa jirani jioni ya Jumatano. Alhamisi saa 3 asubuhi alikuwa mlangoni mwa ofisi, mtoto mgongoni, mwavuli mkononi, akamuuliza mkuu wa kituo mbele ya wateja, "Kumbe mpaka nimalize kunyonyesha mimi siyo mfanyakazi?"

Nilimpigia simu mchana huohuo kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema ameelewa, halafu akaomba barua yake isomwe kwake neno kwa neno kwenye simu, kwa sababu hakuwa na nauli ya kurudi tena siku hiyo. Nikamsomea. Alisaini siku ya tisa.